Anayepita Nje Anataka Kujua Bei

Saa 8 mchana, jua likiwa la utosi, dada mmoja anasimama mbele ya kioo cha saluni. Anaweka mtandio sawa, anapangusa jasho puani, anakagua meno kama kuna mchicha, kisha anaondoka. Mwenye saluni aliyekaa ndani anamwona na kujipa moyo kwamba dirisha lake linavuta watu. Kumbe yule dada hakuona kitu cha ndani hata kimoja. Hakuona mawigi, hakuona viti vipya, wala hakumwona huyo anayemtabasamia. Alijiona mwenyewe.

Hilo ndilo tatizo la kwanza la saluni nyingi ndogo za Dar es Salaam, na chanzo chake ni mwanga. Kioo cha kawaida cha dirisha hurudisha karibu asilimia 8 ya mwanga unaokipiga moja kwa moja, na hurudisha zaidi kikitazamwa kwa ubavu, kama anavyokitazama mtu anayetembea. Asilimia 8 inaonekana ndogo mpaka ukumbuke ni asilimia 8 ya nini. Nje, jua la mchana linaweza kufika laksi 100,000, laksi ikiwa ndiyo kipimo cha mwanga. Ndani ya fremu yenye taa mbili za dari, ukipata laksi 300 umebahatika. Kwa hiyo hata sehemu hiyo ndogo ya mwanga wa barabarani inayorudi kwenye kioo inauzidi mbali mwanga wote unaotoka ndani, na macho ya mpita njia hufuata kilicho angavu zaidi.

Jioni mambo hugeuka. Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12 na saa 1 mwaka mzima, na taa za ndani zikishawashwa, giza la nje hulifanya dirisha liwe wazi kabisa. Mteja aliyelaza kichwa kwenye sinki, mtandio ukiwa begani na povu usoni, anaonekana na kijiwe kizima cha bodaboda. Dirisha lilelile linaficha mchana kile ambacho mwenye saluni anataka kionekane, halafu jioni linaanika kile ambacho mteja anataka kifichwe. Na jioni ndiyo saa ambayo wengi wanatoka kazini na kutafuta pa kusuka.

Nimeanza na kioo kwa sababu watu hukimbilia kwingine. Fundi akiitwa, mazungumzo huwa ni rangi gani ya ukuta, maua gani ya plastiki, na maandishi ya kung'aa ya aina gani. Mpita njia hana habari na hayo. Ana maswali machache ambayo anaona aibu kuyauliza: hapa wanafanya ninachotaka? Ni bei gani? Nikiingia nikaona sipawezi, nitatokaje? Mbele ya saluni, yaani bango, dirisha na mlango, inatakiwa imjibu hayo kabla hajavuka kizingiti. Isipomjibu, atapita, na wala hatakuambia kwa nini.

Fremu ya mita tatu

Tuchukue fremu ya mfano katika mtaa wenye shughuli, tuseme Sinza. Upana wake ni mita 3. Mlango wa alminiamu umechukua senti 90, na pembeni yake kuna kioo cha karibu mita 2. Mbele kuna kibaraza chembamba, kisha mtaro wa maji, kisha barabara. Fremu inatazama magharibi, kwa hiyo asubuhi kuna kivuli kizuri, na kuanzia saa 9 alasiri jua linapiga ndani moja kwa moja.

Mtu anayetembea mwendo wa kawaida huenda kama mita 1.3 kwa sekunde. Mbele ya fremu hiyo atatumia sekunde mbili na kidogo, na katika sekunde hizo anaangalia pia pikipiki, dimbwi na simu yake. Kila uamuzi unaofuata hapa chini lazima uendane na sekunde hizo mbili.

Tuanze na kioo hicho cha mita 2. Kosa la kawaida ni kukitendea kama kitu kimoja: ama kiachwe wazi chote, ama kizibwe chote kwa stika ya picha ya mwanamke wa ng'ambo anayecheka. Afadhali kigawanywe. Senti 60 za karibu na mlango ziwe za maonyesho, na sehemu iliyobaki iwe ya faragha na mwanga.

Kwenye zile senti 60, weka ubao mweupe nyuma ya kioo, umbali wa senti 40 hivi, uwe ukuta mdogo wa nyuma. Ubao huo una kazi mbili. Kwanza unakata giza la chumba, kwa sababu kioo chenye giza nyuma yake ndicho kinachojigeuza kioo cha kujitazamia, na chenye kitu cheupe nyuma yake hupunguza hali hiyo. Pili, kitu kilicho karibu na kioo kinamulikwa na mwanga uleule wa nje, kwa hiyo hakitegemei taa zako kushindana na jua. Wigi lililo mita mbili ndani halionekani saa 8 mchana. Lisogeze hadi senti 20 kutoka kwenye kioo, na litaonekana.

Juu ya dirisha, turubai la kivuli linalotokeza nje kama mita 1 husaidia sana, kwa kuwa huzuia anga angavu isijitokeze kwenye kioo. Fremu inayotazama magharibi ina shida yake, maana jua la saa 11 jioni liko chini na hupita chini ya turubai. Hapo hakuna ujanja mkubwa. Baadhi huongeza pazia la turubai linaloteremshwa saa hizo na kukunjwa jua likizama, mradi lisifike chini likaziba mlango.

Jua hilo ndilo linaloharibu vilivyopangwa dirishani. Rangi ya kucha huwa nzito, losheni hujitenga maji na mafuta, na chupa iliyokaa wiki kadhaa kwenye joto hilo haifai tena kumpaka mtu. Ukitaka kuonyesha bidhaa, weka maboksi matupu. Na picha! Karibu kila mtaa una saluni yenye picha za mitindo ya nywele ambazo zimegeuka bluu, nyuso za bluu, nywele za bluu, midomo ya bluu. Jua huua wino mwekundu na wa njano kwanza, na ule wa bluu hubaki wa mwisho. Mpita njia hajui habari za wino, lakini anajua picha ile ina miaka, na anahisi kwamba fundi aliyemo ndani naye amebaki kwenye mitindo ya miaka hiyo.

Mdoli mmoja unatosha

Kwenye sehemu ya maonyesho, weka mdoli mmoja wa kichwa uliosukwa vizuri kuliko vyote ulivyowahi kusuka. Uso wake uwe kimo cha mita 1.3 hadi 1.5 kutoka usawa wa barabara, maana hapo ndipo macho ya wanawake wengi hufika wakitembea bila kuinua wala kuinamisha shingo. Pima kutoka barabarani, si kutoka sakafuni, kwa sababu sakafu ya fremu mara nyingi imeinuliwa na mdoli ukajikuta juu ya vichwa vya watu.

Wengine watasema mdoli mmoja ni umaskini. Wanaweka tisa, na katikati yake wanajaza mafuta, vitana, heleni na kalenda. Kwa sekunde mbili, jicho halina pa kutua, na vyote vinakuwa rangi tu. Badilisha mtindo wa ule mmoja kila baada ya wiki mbili, na yule anayepita kila siku kwenda kituoni atagundua kwamba hapa kuna mtu anafanya kazi.

Pembeni ya mdoli kuna nafasi ya picha mbili au tatu. Ziwe picha za kazi yako mwenyewe, zilizopigwa humohumo dukani, kichwa kikionekana kwa nyuma na kwa ubavu. Picha nzuri zilizochukuliwa mtandaoni wateja wanazitambua, na wengine wamewahi kuonyeshwa picha kama hiyo wakatoka na kitu kingine. Ila muombe mteja ruhusa, hasa kama sura yake inaonekana. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na picha ya mtu ni taarifa yake. Hata bila sheria, kuna mume, kuna mama mkwe, kuna bosi aliyeambiwa mtu anaumwa.

Taa ya sehemu hii iwe ndogo, yenye kuelekezwa, ikitokea juu mbele ya mdoli, si nyuma yake. Taa ikitokea nyuma, mdoli huwa kivuli cheusi. Iwake mpaka usiku hata saluni ikifungwa, kama usalama wa mtaa unaruhusu na hukufunga shata. Wenye shata za chuma hupoteza nafasi nzuri kwa kuliacha tupu. Jina, kazi na saa za kufungua zikiandikwa kwenye shata kwa rangi ya mafuta, anayepita alfajiri kuwahi daladala atajua urudi wake wa jioni utakukuta umefungua.

Kuficha bila kuzima

Sehemu iliyobaki ya kioo, mita 1.4 hivi, ndiyo ya faragha. Hapa wengi hudanganywa na tinti ya kung'aa, ile ambayo mchana aliye ndani anaona nje na aliye nje haoni ndani. Fundi huionyesha dukani kwake mchana, na kweli inafanya kazi. Lakini tinti hiyo hutegemea upande mmoja uwe na mwanga mwingi kuliko mwingine. Saa 1 usiku, taa zikiwaka ndani na barabara ikiwa gizani, inageuka: wa nje wanaona kila kitu, na wateja wako ndani wanaona sura zao tu na kudhani wamefichika. Ukishaibandika, toka nje usiku uone mwenyewe.

Kinachofaa ni stika ya ukungu, ambayo mafundi huiita frosti. Yenyewe hutawanya mwanga badala ya kuurudisha, kwa hiyo inaficha mchana na usiku, huku ikiruhusu mwanga kupita. Usibandike kioo chote. Mteja aliyekaa kwenye kiti uso wake uko kati ya mita 1 na 1.3 kutoka sakafuni, na anayepita nje macho yake yako kwenye mita 1.5 au zaidi kidogo. Mkanda wa frosti unaoanzia senti 80 na kuishia mita 1.7 unamfunika mteja aliyekaa, kama sakafu yako na barabara ziko usawa mmoja. Kama sakafu imeinuka senti 30, pandisha mkanda kwa kiasi hicho. Juu ya mkanda kioo kinabaki wazi, na mpita njia anaona dari safi, taa zinazowaka na sehemu ya juu ya vioo, ambavyo vinatosha kumwambia pamefunguliwa na pana uhai. Chini ya mkanda anaona miguu ya watu walioketi, na huo ni ushahidi mzuri kwamba wenzake wako humo.

Ndani, panga kazi kufuatana na dirisha hilo. Meza ya kucha iwe karibu na mlango, kwa sababu mteja wa kucha amevaa nguo zake kamili, mtandio wake uko kichwani, na mikono inayofanya kazi inapendeza kutazamwa. Sinki liwe nyuma kabisa, nje ya mstari wa mlango. Ukifungua mlango mtu wa nje asione shingo ya mtu iliyolazwa.

Kwa wateja wanaofunika nywele, hilo pekee halitoshi. Wanataka pazia zito au ukuta, na uhakika kwamba mwanamume hataingia ghafla na mzigo wa maji. Ukiwa na sehemu hiyo, iandike nje: "Faragha ipo ndani." Maneno hayo matatu nayaona yana thamani kuliko maua yote ya plastiki, maana kwa mteja wa aina hii swali la faragha linatangulia hata la bei. Mitaa ya Mji Mkongwe wa Zanzibar ina saluni za kike ambazo hazionyeshi chochote cha ndani, na zinafanya biashara. Huko michoro ya hina na piko kwenye kibao ndiyo dirisha. Ila Mji Mkongwe ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na mabango yake yana mamlaka yake ya kuyasimamia, kwa hiyo usichukue bango la Sinza ukalipeleka kule.

Bango linasomwa na nani

Mwenye saluni huandika jina lake kwa herufi kubwa kuliko zote. Kwa kuita wateja wanaopita, nadhani hapo ameanza vibaya. Wanaomjua jina wanaijua pia njia, na hawahitaji bango. Asiyemjua, jina halimwambii kitu. Kwake, neno kubwa linatakiwa kuwa kazi: SALUNI, au KUSUKA, au KUCHA, kutegemea ni nini hasa kinakulisha. Jina lifuate chini yake kwa ukubwa wa nusu.

Kuhusu ukubwa wa herufi, hesabu inayotumika ni kwamba herufi yenye kimo cha senti 10 husomeka mpaka mita 30 hivi kwa mtu mwenye macho mazuri aliyesimama. Kwa anayepita, na hasa aliye ndani ya bajaji, kata nusu. Kwenye fremu yetu bango ni mita 3 kwa senti 80. Neno SALUNI kwa herufi za senti 30 litasomeka bila shida kutoka mita 45. Bajaji inayokwenda kilomita 30 kwa saa hupita mita 8 kila sekunde, kwa hiyo abiria ana sekunde tano na ushei. Sasa chukua namba ya simu iliyoandikwa kwa herufi za senti 5 kwenye bango hilohilo: mita 7 au 8, sekunde moja. Hakuna anayenakili namba kwa sekunde moja. Ihamishie mlangoni, anaposimama mtu aliyekuta pamefungwa.

Orodha ndefu ya huduma nayo ihamie huko. Bango lililojaa kusuka, kuseti, dawa, kope, nyusi, hina, piko, kupamba maharusi na kukodisha magauni halisomwi hata neno moja. Chagua matatu. Acha pia nafasi tupu kuzunguka maneno, kama nusu ya eneo la bango. Fundi atakuambia nafasi hiyo imepotea bure na atataka kuweka ua. Mkatalie.

Rangi ndiyo inayowaponza wengi, kwa sababu saluni hupenda waridi na zambarau, na maandishi ya waridi juu ya zambarau hupotea ukisogea hatua kumi nyuma. Kinachofanya herufi isomeke ni tofauti ya weupe na weusi, si tofauti ya rangi. Kabla fundi hajachapa, mwambie akutumie mchoro kwenye simu, kisha ugeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Herufi zikizama kwenye usuli, rangi hazifai, hata kama kwenye kompyuta zinameremeta. Mwandiko wa mikunjo nao uwe wa jina tu, si wa kazi.

Vifaa ni vitatu vinavyopatikana kwa urahisi. Fleksi ni rahisi na huchapwa siku hiyohiyo, ila jua na upepo huichosha: rangi hufifia, kona hulegea, na ikianza kupiga makofi usiku imekwisha. Alukobondi yenye herufi zilizokatwa na kuinuliwa hudumu zaidi lakini gharama yake ni ya mtu aliyehakikisha kwamba fremu hatanyang'anywa mwaka ujao. Kati yake yupo mchoraji wa mkono na rangi ya mafuta, ambaye watu wameanza kumsahau. Rangi za mafuta ndizo alizotumia Edward Saidi Tingatinga kwenye vibao vyake Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, na zinastahimili jua vizuri. Mchoraji mzuri wa herufi hukuandikia ukutani moja kwa moja, na mwenye nyumba akikuhamisha hujapoteza bango.

Ukitaka boksi la taa, angalia mambo mawili. Fleksi iwe ile inayopitisha mwanga, si ile yenye mgongo mweusi. Na kina cha boksi kisipungue nafasi iliyopo kati ya taa moja na nyingine, la sivyo usiku utaona mistari ya taa badala ya maneno.

Halafu kuna jambo ambalo bango la juu ya mlango haliwezi kulifanya hata likigharimu milioni. Anayetembea kandokando ya maduka hulioni ubavu tu. Analazimika kufika mbele yako na kugeuza shingo juu, na hafanyi hivyo. Anahitaji kibao kidogo kinachotokeza kutoka ukutani kuelekea njiani, senti 60 kwa 60, chenye neno moja pande zote mbili. Chini yake pabaki mita 2.4 au zaidi, maana wapo wabebao mizigo kichwani. Kibao hiki ni rahisi kuliko bango kubwa, na kwa wateja wa miguu ndicho ningekianza.

Kabla ya kufunga chochote, pita ofisi ya biashara ya manispaa uulize ada, ambayo hutegemea aina na ukubwa wa bango. Na kama kibao au ngazi inaingia kwenye hifadhi ya barabara, TANROADS kwa barabara kuu na TARURA kwa za mitaa wana haki ya kukuondoa. Nyumba zenye alama nyekundu ya X zinajulikana, na hapo usitundike alukobondi.

Kizingiti

Sasa dada ameona, amesoma, amesogea. Kati yake na wewe kuna mtaro. Kama zege la kuvukia ni jembamba, limepasuka au linacheza, aliyevaa viatu virefu na aliyebeba mtoto hawatavuka, na mvua ikinyesha hakuna atakayevuka. Zege la kuvukia liwe na upana usiopungua mlango. Ni pesa isiyopendeza kutumia, kwa kuwa haipigwi picha, lakini ningeitoa kabla ya taa.

Kibarazani mara nyingi kuna benchi, na kwenye benchi kuna vijana watatu wanaosubiri abiria na kumtazama kila anayeingia. Si wabaya, pengine ndio wanaokulindia duka usiku. Ongea nao, wapatie kivuli pembeni upande ule mwingine wa mlango wa jirani. Mwanamke ambaye nywele zake zimefumuliwa nusu hataki kupita katikati yao.

Mlango ukifungwa kwa sababu ya kiyoyozi, andika wazi: "Pamefunguliwa, sukuma." Milango ya alminiamu ya kuteleza huwachanganya watu, na aliyesukuma mara moja ukakataa huona aibu na kuondoka.

Bei ziwe hapo, pembeni ya mlango, usawa wa macho. Najua ubishi wake. Kwamba bei inategemea urefu wa nywele, na kwamba jirani ataiba bei. Jirani anazijua bei zako. Alikwishamtuma binti kuja kuuliza. Na urefu wa nywele unatatuliwa na neno "kuanzia". Kibao kinachosaidia kina mambo matatu kwa kila kazi: bei, kilichomo ndani ya bei, na muda. Tuseme: "Rasta za kati, kuanzia 30,000, rasta zetu, saa 4." Wengi wamewahi kukubaliana bei, kisha wakiwa wamesukwa nusu kichwa wakaambiwa rasta ni pesa nyingine. Maneno "rasta zetu" yanaiondoa hofu hiyo. Muda nao unamsaidia mwenye mtoto anayetoka shule saa 9 kujua kama aingie sasa au kesho. Panga kazi nne au tano, ukianza na iliyo ndogo kuliko zote, kama nyusi, ili mgeni apate kazi ya dakika kumi ya kukupima kabla hajakukabidhi kichwa kizima.

Akishaingia, usimpige na kila kitu mlangoni. Mmarekani Paco Underhill, aliyetumia miaka mingi kuwatazama watu wakiingia madukani, alieleza mwaka 1999 kwamba hatua za kwanza baada ya mlango ni za mtu kuzoea mwanga na mahali, na vilivyowekwa hapo havionwi. Katika saluni ya mita 3 huna nafasi ya kupoteza, lakini mita moja ya kwanza ibaki tupu: hakuna kabati la losheni, hakuna ndoo, hakuna rundo la viatu. Na mtu amwambie "Karibu dada, keti upumzike" akiwa amekaa palepale alipo. Wale wanaosimama nje na kumvuta mpita njia mkono wanapata wachache, na wanawafanya wengi wahamie upande wa pili wa barabara.

Ili kujua ni sehemu gani imeshindwa, kaa ng'ambo ya barabara kwa saa moja, kuanzia saa 11 jioni, na karatasi yenye safu nne: wanaopita, wanaogeuza macho, wanaosimama, wanaoingia. Tuseme wamepita wanawake 200. Wakigeuza macho wachache mno, bango na kibao cha ubavuni ndivyo vya kushughulikia, au mwanga wa dirisha. Wakigeuza wengi na hakuna anayesimama, mdoli na picha hazisemi kitu. Wakisimama, wakasoma bei na kuondoka, huenda ni bei, au hakuna kazi ndogo ya kuanzia. Wakisimama, wakatazama ndani wakaondoka, tatizo liko kizingitini: mtaro, benchi, mlango, au wahudumu wote wameinamia simu.

Badilisha kitu kimoja, kisha hesabu tena siku ileile ya wiki na saa ileile. Ijumaa ilinganishwe na Ijumaa. Usilinganishe mwisho wa mwezi, mishahara ikiwa imetoka, na tarehe 15, na wiki za kuelekea Idi na Krismasi usizihesabu kabisa, kwa sababu wakati huo hata saluni yenye picha za bluu hujaa.